Stetimenti ya msambazaji imelingana na leja hadi senti ya mwisho, maneja kaandika "kwa hiyo?"

#1 Mkaguzi Mdogo
Wakuu habari. Nipo mwaka wa pili kwenye ukaguzi, nimepewa sehemu ya madeni ya wasambazaji. Mwaka wa mteja unaishia tarehe 31 Desemba. Mhasibu wa mteja kanipa stetimenti za wasambazaji kumi wenye salio kubwa, kila moja na karatasi ya ulinganisho aliyoiandaa mwenyewe. Mmoja uko hivi:

Stetimenti inasema 48,600,000. Leja inasema 31,200,000. Tofauti ni 17,400,000, na imeelezwa yote: malipo yaliyo njiani 9,000,000, invoisi ambazo hazijatufikia 7,150,000, mzigo uliorudishwa na kredit noti haijaja 1,250,000. Inajumlika vizuri kabisa.

Nikaweka tiki, nikaandika kwamba deni limekamilika na ni sahihi. Faili limerudi na neno moja kwa kalamu nyekundu: "Kwa hiyo?" Nimekosea wapi?

#2 Nusu Mkate
Maneja wako anakuonea. Stetimenti imetoka nje ya kampuni, na ushahidi wa nje una nguvu kuliko wa ndani. Ukishalinganisha umemaliza. Ila ungetuma na barua za uthibitisho kwa wasambazaji wote, maana ISA 505 inalazimisha.

#3 Kalamu Kijani
Nusu Mkate, jina lako limekutendea haki leo. Hailazimishi. ISA 505 inakuongoza ukishaamua kutuma maombi ya uthibitisho, haisemi kila msambazaji apelekewe. Kwa madeni ya wasambazaji wengi wetu tunaanza na stetimenti, kwa sababu msambazaji tayari ameshaandika anachodai na hakuna haja ya kumsumbua.

Lakini hilo la "imetoka nje" linahitaji mkia. Ilitoka nje, ikapita mikononi mwa mteja, ndipo ikakufikia. Hapo katikati ndipo pa kuangalia.

Mkaguzi Mdogo, kosa lako si hesabu. Hesabu itajumlika siku zote, kwa sababu mtu aliyeiandaa alikuwa anatafuta vitu vya kujaza 17,400,000. Ulichopewa ni madai matatu. Dai la kwanza: 9,000,000 zililipwa kabla ya mwaka kuisha. La pili: mzigo wa 7,150,000 haukuwa wetu bado. La tatu: msambazaji atakubali kupunguza 1,250,000. Umethibitisha lipi kati ya hayo? Nadhani ndiyo maana ya "kwa hiyo?".

Anza na malipo. Fungua taarifa ya benki ya Januari, utuambie hizo 9,000,000 zilitoka tarehe ngapi.

#4 Dai Langu
Asante kwa uzi mzuri. Mimi kuna mtu ananidai hela za vifaa tangu mwaka juzi na ananitumia stetimenti kila mwezi. Nikimlinganishia ndiyo nimekubali deni?

#5 Mzee wa Mafaili
#4, hiyo ni ya mwanasheria, sisi hapa tunabishana na karatasi tu. Ila usiisaini.

Mkaguzi Mdogo, kabla hujafika benki, hao kumi uliwapataje? Umesema "wenye salio kubwa". Salio kubwa kwenye leja ya nani? Ya mteja. Unatafuta deni ambalo halijaandikwa, halafu unamwuliza asiyeandika akuonyeshe ameandika wapi sana. Utawakuta walioandikwa vizuri.

Kwa ukamilifu mimi huchagua kwa manunuzi ya mwaka mzima. Nani tumenunua kwake sana, hata kama salio lake leo ni sifuri. Na hasa kama ni sifuri. Niliwahi kukuta msambazaji wa vifungashio aliyekuwa akiuza kila mwezi, lakini salio la mwisho wa mwaka sifuri. Nikaomba stetimenti, mhasibu akasema hana haja nayo kwa vile hakuna deni. Nikaomba kwa mara ya tatu. Ilipokuja ilikuwa na invoisi za miezi minne. Zilikuwa kwenye droo ya meneja wa manunuzi, hazijawahi kufika uhasibu, kwa sababu alikuwa anagombana na msambazaji juu ya ubora na akaona asizipeleke mpaka ugomvi uishe. Leja ilikuwa safi kama sahani iliyooshwa.

#6 Hesabu Kali
Niwatetee wahasibu kidogo, maana mimi ndiye huandaa hayo makaratasi. Wakaguzi mnakuja na orodha siku moja, mnataka stetimenti kumi kesho yake. Nyingine msambazaji anakata tarehe 25, nyingine zinakuja za Januari katikati. Tunafanya tunachoweza. Si kila "malipo njiani" ni njama.

#7 Mkaguzi Mdogo
Nimerudi. Kwanza, Mzee wa Mafaili, ni kweli nilichagua kwa salio. Nimeomba orodha ya manunuzi ya mwaka, kuna watatu wakubwa ambao sikuwagusa, mmoja wao ana salio la sifuri. Stetimenti zake nimeshaomba.

Pili, malipo. Leja inaonyesha 9,000,000 zimelipwa tarehe 30 Desemba. Benki inaonyesha zimetoka tarehe 19 Januari. Ni malipo ya kielektroniki, si hundi. Mhasibu anasema benki iliyarudisha kwa sababu namba ya akaunti ya msambazaji ilikosewa, wakatuma upya.

#8 Nusu Mkate
Si nilisema? Maelezo yapo.

#9 Kalamu Kijani
Maelezo yapo, sasa tafuta alama yake. Mfumo wa benki huacha ujumbe pale malipo yanapokataliwa. Kama hela zilitoka zikarudi, kutakuwa na mistari miwili kwenye taarifa ya benki, kutoka na kurudi. Kama zilikataliwa kabla ya kutoka, kuna ripoti ya faili la malipo. Omba hiyo, na uisome kwenye skrini ya benki mwenyewe ukiwa umekaa pembeni ya mhasibu. Usikubali picha.

Halafu angalia wenzake. Malipo ya wasambazaji kwa kawaida hutumwa kwa mafungu. Kama kwenye fungu la tarehe 30 Desemba huyu pekee alichelewa na wengine walitoka siku hiyo, hadithi ya namba kukosewa inashika. Kama fungu zima limetoka Januari katikati, wote hawawezi kuwa wamekosewa namba.

#10 Bi Stoo
Wahasibu na wakaguzi mmesahau sehemu yangu. Hizo invoisi za 7,150,000 "ambazo hazijatufikia", karatasi kutofika na mzigo kutofika ni vitu viwili. Nimekaa stoo miaka tisa, mzigo huja leo na invoisi huja wiki ijayo kwa barua pepe. Deni linaanza kwenye mzigo. Muulize mtu wa stoo.

#11 Mkaguzi Mdogo
Bi Stoo asante, nimeenda. Ni invoisi mbili. Ya kwanza 4,900,000, katoni 1,000, hati ya kupokelea mzigo ni ya tarehe 30 Desemba. Ya pili 2,250,000, hati ya kupokelea ni ya tarehe 2 Januari. Zote mbili zimeingizwa kwenye leja tarehe 4 Januari.

Kwa hiyo ya kwanza ni kosa la mwaka wetu. Mzigo ulihesabiwa stoo tarehe 31 lakini deni halipo, faida imezidi kwa 4,900,000. Ya pili iko sawa. Nimeandika pendekezo la marekebisho la 4,900,000.

#12 Hesabu Kali
Usilitume! Simama hapo hapo. Umeangalia akaunti ya mizigo iliyopokelewa bila invoisi? Mifumo mingi stoo wakishapokea inaandika deni yenyewe kwenye akaunti hiyo, kwa bei ya oda. Invoisi ikija ndipo linahamia kwa jina la msambazaji. Ukiongeza 4,900,000 nyingine umeandika deni mara mbili, na mhasibu atacheka mpaka machozi yamtoke.

#13 Kalamu Kijani
#12 yuko sahihi kabisa na mimi nilipaswa kulisema mapema. Ulinganisho wa msambazaji mmoja unaangalia jina lake tu. Deni lake linaweza kuwa limelala kwenye akaunti nyingine, na liko kihalali.

#14 Mkaguzi Mdogo
Uso umeniiva. Lipo. Orodha ya mizigo bila invoisi ya tarehe 31 Desemba ina hati ileile, katoni 1,000. Ila kiasi ni 4,550,000, si 4,900,000. Oda ina bei ya 4,550 kwa katoni, invoisi ina 4,900. Kwa hiyo kilichokosekana ni 350,000 tu, chini ya kiwango chetu cha kuripoti. Nafunga kipengele?

#15 Mzee wa Mafaili
350,000 usiifunge haraka hivyo. Umegundua bei, hujagundua kiasi. Msambazaji amepandisha bei lini? Kama alipandisha Oktoba na oda zote zinatoka kwa bei ya zamani, basi kila mzigo ambao haujapata invoisi umeandikwa pungufu. Ukamilifu uko sawa hapo, kila mzigo umo, lakini usahihi unayumba. Chukua invoisi zake tatu za mwisho ulinganishe bei na oda.

#16 Hesabu Kali
Au msambazaji ndiye aliyekosea. Bei ya oda ndiyo makubaliano. Wapo wanaopandisha bei kimyakimya, wakiona hujauliza wanaendelea. Siku ukishtuka wanatoa kredit noti. Kwa hiyo 4,550 inaweza kuwa ndiyo haki.

#17 Mzee wa Mafaili
Inaweza. Lakini leja iliingiza 4,900,000 tarehe 4 Januari bila kubisha. Mtu anayebishana bei haingizi invoisi nzima.

#18 Hesabu Kali
Karani aliyechoka anaingiza chochote, mzee.

#19 Bi Stoo
Narudi kwenye ile ya pili ya 2,250,000 mliyosema iko sawa. Tarehe ya hati ya kupokelea ni siku mtu alipoketi kwenye kompyuta. Si siku lori lilipoingia. Mwisho wa mwaka tunahesabu stoo, mfumo unafungwa, mizigo inayokuja inasubiri. Tazama kitabu cha getini, na nakala ya hati ya delivari yenye sahihi.

#20 Mkaguzi Mdogo
Bi Stoo wewe ni hatari. Kitabu cha getini: lori limeingia tarehe 31 Desemba saa 12 na dakika 40 jioni. Hati ya delivari imesainiwa na mlinzi siku hiyo hiyo. Mzigo ulikaa uani chini ya turubai, haukuhesabiwa.

#21 Nusu Mkate
Basi haina shida, mzigo haumo na deni halimo. Faida haiguswi.

#22 Kalamu Kijani
Safari hii Nusu Mkate umefikisha robo tatu. Faida haiguswi ni kweli. Lakini bidhaa zimepungua kwa 2,250,000 na deni limepungua kwa kiasi hicho hicho, na swali uliloulizwa ni la deni. Liandike kwenye orodha ya makosa, hata kama halitarekebishwa.

#23 Hesabu Kali
Hapo napinga. Mlinzi hana mamlaka ya kupokea mzigo. Amesaini kwamba lori limeingia. Masharti ya ununuzi wetu, kwa mfano, yanasema mzigo ni wetu baada ya kukaguliwa. Kabla ya hapo ukiungua, umeungua wa msambazaji.

#24 Bi Stoo
Ukiungua ndani ya geti lenu baada ya mlinzi wenu kusaini, msambazaji atakucheka usoni.

#25 Kalamu Kijani
Jibu liko kwenye mkataba wake, halipo kwetu. Wengine mzigo unakuwa wa mnunuzi tangu ghala la muuzaji, hapo hata lori likiwa barabarani tarehe 31 deni lipo. Mkaguzi Mdogo, soma masharti nyuma ya oda.

#26 Upande wa Pili
Nimesoma kimyakimya. Mimi ni karani wa wadaiwa kwa msambazaji, yaani ndiye ninayetoa hizo stetimenti mnazoziabudu. Mjue mambo mawili.

Kwanza, stetimenti yangu nayo ina makosa. Mteja akilipa bila kutaja namba za invoisi, hela inakaa kwenye akaunti ya kusubiri mpaka nijue ni za nani. Stetimenti yake inaonyesha anadaiwa wakati amelipa. Mwaka jana hela za mteja mmoja zilikaa kwa mwingine mwenye jina linalofanana kwa miezi miwili, na hakuna aliyelalamika, hata aliyefaidika.

Pili, stetimenti inaonyesha nilichotolea invoisi. Mzigo niliopeleka bila kutoa invoisi haumo. Mkitegemea stetimenti peke yake, hamtauona.

#27 Dai Langu
Kumbe ndiyo maana yangu haishuki hata nikilipa!

#28 Mzee wa Mafaili
Swali kwa #26. Mteja akikuomba stetimenti kwa Excel unampa?

#29 Upande wa Pili
Nampa. Wengi wanaomba hivyo ili walinganishe kwa urahisi. Akishaipata sijui anaifanya nini.

#30 Mzee wa Mafaili
Hiyo ndiyo niliyotaka isikike. Nina kisa. Stetimenti ililetwa kwangu ikiwa imechapishwa, nembo ya msambazaji juu, tarehe ziko sawa, salio linalingana na leja bila tofauti hata moja. Kutokuwa na tofauti ndiko kulikonishtua, maana msambazaji anayepeleka mzigo kila siku mbili hawezi kukosa kitu njiani mwisho wa mwezi. Nikashika rula, nikashuka na safu ya salio mstari kwa mstari. Mstari wa tisa salio lilikuwa 12,400,000. Mstari wa kumi, invoisi ya 1,100,000, salio likaruka mpaka 16,300,000. Ilipaswa 13,500,000. Palikuwa na mstari wa 2,800,000 umefutwa, na aliyefuta alikumbuka kubadilisha jumla ya chini akasahau safu ya salio ya katikati.

Tangu hapo najumlisha safu ya salio kwa mkono, na ninalinganisha salio la kuanzia na stetimenti ya mwezi uliotangulia. Na kwa walio wakubwa nampigia msambazaji mwenyewe, kwa namba niliyoitafuta mimi, si ile iliyoko kwenye karatasi niliyopewa.

#31 Hesabu Kali
Hicho kisa naogopa hata kukisoma.

#32 Nusu Mkate
Sasa ile 1,250,000 ya mzigo uliorudishwa? Mmeiruka.

#33 Kalamu Kijani
Swali zuri, nakusalimia. Kama msambazaji ametoa kredit noti baada ya mwaka na inahusu mzigo uliorudi kabla ya tarehe 31, imekwisha. Kama mpaka Machi hajatoa, soma barua pepe zao. Mteja kupunguza deni kwa sababu amekasirika hakupunguzi deni.

#34 Mkaguzi Mdogo
Kredit noti ipo, ya tarehe 11 Januari, 1,250,000 kamili, na hati ya kurudisha mzigo ni ya Desemba. Hiyo imepona. Bei mpya nimekuta ilianza Novemba. Barua ya msambazaji ipo kwa meneja wa manunuzi, ila hakuna aliyebadilisha bei kwenye mfumo. Napitia mizigo yote isiyo na invoisi.

Na malipo. Ripoti ya benki haina kukataliwa hata kumoja. Fungu la tarehe 30 Desemba lina wasambazaji 14, jumla 61,000,000. Wote wametoka kati ya tarehe 17 na 20 Januari. Nilipomwuliza tena mhasibu, amesema kwamba huandaa fungu mwisho wa mwezi, leja inajiandika, halafu wanasubiri mkurugenzi aidhinishe, na alikuwa likizo.

#35 Hesabu Kali
Hiyo naiamini. Kwetu ni hivyo hivyo. Mfumo unaandika pale fungu linapoandaliwa, si pale linapotoka.

#36 Mzee wa Mafaili
Naiamini nusu. Mara ya kwanza ilikuwa namba ya akaunti, sasa ni likizo. Muulize kama wana mkopo wa benki wenye masharti ya uwiano wa mali za muda mfupi na madeni ya muda mfupi. Uwiano ukiwa juu ya moja, ukipunguza pande zote mbili kwa 61,000,000 unapanda bila mtu kuuza kitu. Na uangalie Novemba na Oktoba walifanyaje. Kama kila mwezi fungu hukaa wiki tatu, ni tabia mbaya. Kama ni Desemba tu, ni kitu kingine.

#37 Kalamu Kijani
Kwa vyovyote, hela haikutoka, deni lilikuwepo. Rudisha 61,000,000 kwenye deni na kwenye benki. Sababu inahusu kama utaendelea kuziamini karatasi nyingine za mtu huyo.

#38 Nusu Mkate
Lakini faida haiguswi…

#39 Bi Stoo
Mfungieni huyu.

#40 Mkaguzi Mdogo
Oktoba fungu lilitoka siku ya pili yake. Novemba siku ya nne. Mkataba wa mkopo nimeomba, nimeambiwa uko kwa mkurugenzi. Na stetimenti ya yule wa salio la sifuri imefika jioni hii. Imekuja kwa Excel.